Kitambaa cha kroshia kinabana upande wa chini? Tatizo ni cheni ya kuanzia

Leo naongea na wale mnaofuma vitambaa vya makochi, sweta za watoto na kofia kwa ajili ya kuuza, sio kwa kujifurahisha tu nyumbani. Nina duka dogo la nyuzi hapa Songea, na akina mama wengi huniletea kazi zao niwauzie. Kwa hiyo kazi nyingi za mikono ya watu tofauti zinapita mbele ya macho yangu, na kuna kasoro moja naiona karibu kila wiki: kitambaa kimefumwa vizuri, rangi zimepangwa vizuri, lakini ukikitandika mezani upande wa chini ni mwembamba kuliko wa juu. Kinafanana na sketi iliyogeuzwa.

Mwaka huu mama mmoja kutoka Mfaranyaki aliniletea seti ya vitambaa sita vya mgongo wa kochi. Mteja alikuwa anatoka Mbinga, ameshatoa nusu ya hela. Alipofika akavitandika kwenye benchi la duka, akavipanga kimoja kimoja, akasema, "Dada, hivi vimepinda, mimi nitaweka wageni sebuleni." Akachukua viwili tu, vinne akaviacha. Yule mama alifuma wiki tatu. Nilipopima na futi kamba, juu kilikuwa na sentimita 60 na chini sentimita 54. Sentimita sita ukizisema kwa mdomo ni ndogo, ila kwenye kochi zinaonekana mpaka mlangoni, kwa sababu ukingo wa kochi wenyewe umenyooka.

Wengi wanadhani ni mkono mzito, au uzi mbovu, au kitambaa kitanyooka kikipigwa pasi. Uzi wa sweta wa viwandani ukiuwekea pasi ya moto unalala na kung'aa kama plastiki, na hautarudi tena. Hata ukivuta pembe na pini kikiwa kimelowa, kinanyooka kwa siku mbili, kikifuliwa kinarudi palepale. Na kuna wanaozungushia ukingo mpya wakitegemea utafungua ule uliobana. Haufungui. Cheni iliyobana bado ipo ndani, ukingo mpya unaishia kuning'inia juu yake kwa mawimbi.

Sababu yenyewe ni hii. Cheni ni kitanzi kimoja kimepita ndani ya kitanzi kingine, basi. Ni nyembamba, na wengi wetu tukiipiga tunaikaza bila kujua kwa sababu kazi bado ni uzi mtupu, hakuna cha kushika mkononi. Halafu mstari wa kwanza unapanda juu yake, na kila shono fupi linataka nafasi pana zaidi kuliko ile cheni iliyo chini yake. Mstari wa pili unakaa kwenye upana wake wa kweli, wa tatu hivyohivyo, lakini cheni ikishafumiwa juu yake haitanuki tena. Ndio maana kitambaa kinaanza chembamba kisha kinafunguka kadiri unavyopanda.

Kuna wanaotumia sindano kubwa kwa cheni peke yake, mfano sindano ya milimita 5 kisha wanarudi kwenye ya milimita 4. Inasaidia, siwezi kukataa. Ila cheni inakuwa na matundu makubwa, ukingo unaonekana umelegea kama wavu, na kwenye kitambaa cha kochi la watu watatu bado unatakiwa uhesabu cheni mia mbili na zaidi bila kukosea. Mimi nashauri njia nyingine: uanze na shono fupi moja kwa moja, yaani cheni na shono lake vinazaliwa pamoja, moja baada ya jingine. Kwenye video utaipata ukiandika foundation single crochet, na kwenye maelekezo ya kusoma wanaifupisha fsc. Angalizo hapohapo: shono fupi ninalosema mimi, Wamarekani wanaliandika sc. Vitabu vya Kiingereza cha Uingereza wanaliandika dc, wakati Wamarekani wakiandika dc wanamaanisha shono refu. Usichanganye, utafuma kitu kingine kabisa.

Sasa chukua sindano na uzi tuende taratibu. Tumia uzi wa rangi nyeupe au ya maziwa unapojifunza, uzi mweusi utakutesa macho.

Funga fundo la kuanzia, uache mkia wa uzi kama sentimita 15, usiukate mfupi. Piga cheni mbili, ziwe legelege kidogo. Sasa angalia: kwenye sindano una kitanzi, chini yake kuna cheni ya pili, na chini kabisa karibu na fundo kuna cheni ya kwanza. Ingiza sindano kwenye ile cheni ya kwanza, ipite chini ya nyuzi zake mbili. Zungushia uzi kwenye sindano, uvute utokee mbele. Hapo una vitanzi viwili kwenye sindano.

Hatua inayofuata ndiyo moyo wa kazi yote. Zungushia uzi tena, uvute upite kwenye kitanzi KIMOJA tu, kile cha mbele karibu na ncha. Bado una vitanzi viwili. Hicho ulichokipiga sasa hivi ni cheni ya chini, ndiyo itakuwa ukingo wa kitambaa chako. Kabla hujaendelea, kibane kwa kidole gumba na kidole cha kati ili usikipoteze. Kisha zungushia uzi mara ya mwisho, uvute upite kwenye vitanzi vyote viwili. Umemaliza shono la kwanza, na chini yake lina cheni yake.

La pili linaingia wapi? Hapa ndipo karibu kila mtu anakwama. Haliingii juu kwenye kichwa cha shono kama tulivyozoea. Linaingia chini, kwenye ile cheni uliyoibana kwa kidole. Ukiinamisha kazi kidogo kuelekea kwako utaiona imelala chini ya shono upande wa kushoto, kama herufi V iliyolala. Pitisha sindano chini ya nyuzi zake zote mbili, zungushia uzi, vuta. Vitanzi viwili. Zungushia, pita kwenye kimoja, hiyo ni cheni mpya, ibane kwa kidole. Zungushia, pita kwenye viwili. Rudia hivyohivyo mpaka upate upana unaoutaka.

Mashono matano ya mwanzo yatakuwa mabaya. Yaani yatakuwa mabaya kweli, kama kiwavi kilichokanyagwa. Usiyafumue kila mara, endelea mpaka ufike ishirini ndipo utazame. Kufikia hapo mkono unakuwa umeshajua cheni iko wapi bila macho kuitafuta.

Ukitazama utaona utepe wenye pande mbili: juu kuna V zilizopangana, na chini kuna V nyingine zilizopangana. Pande zote mbili zinafanana upana. Kama upande mmoja unajikunja, ndipo tunaanza kurekebisha.

Ukiona utepe unajipinda kama upinde na upande wa chini ndio mfupi, basi unaikaza ile cheni ya chini. Usiguse mashono ya juu. Tatizo liko kwenye vitanzi viwili: kile unachovuta kutoka kwenye V, na ile cheni unayopiga baada yake. Unapovuta uzi kutoka kwenye V, uinue mpaka ulingane na kitanzi kilichokuwepo kwenye sindano, usiuache umebana chini. Na unapopiga ile cheni, acha ikae kwenye sehemu nene ya sindano, sio kwenye shingo nyembamba karibu na ncha. Watu wengi wanaipigia kwenye shingo, na shingo ni nyembamba kuliko sindano yenyewe, kwa hiyo cheni inatoka ndogo.

Ukiona kinyume chake, yaani chini kunakuwa kurefu na kuna mawimbi, umelegeza sana. Hapo tumia sindano ndogo kidogo kwa mstari huu wa kwanza tu, kama kazi yako ni ya milimita 4 basi anza na ya milimita 3.5, halafu mstari wa pili rudi kwenye ya 4.

Usianze kazi ya mteja kabla hujafanya kipimo. Piga mashono 20 kwa njia hii, halafu panda mistari sita ya shono fupi la kawaida. Laza mezani bila kuvuta. Pima chini, pima juu. Kama vipimo vinalingana, mkono wako uko sawa kwa uzi ule. Nasema kwa uzi ule, kwa sababu uzi wa pamba hautanuki kama wa sweta, na mtu anayefuma vizuri kwa mmoja anaweza kubana kwa mwingine. Kipimo hiki kinakula uzi kidogo sana na ukikimaliza unaufumua unautumia.

Tuchukue kile kitambaa cha mgongo wa kochi cha sentimita 60. Yule mama alikuwa na uzi wa sweta wa kawaida na sindano ya milimita 4. Tulipopima kipande cha majaribio, mashono 16 yalikuwa sentimita 10. Maana yake sentimita 60 ni 16 mara 6, mashono 96. Karatasi aliyokuwa anafuata ilisema piga cheni 97, kisha anza shono fupi kwenye cheni ya pili. Kwa njia ya zamani ile cheni moja ya ziada ni ya kugeukia. Kwa njia hii huihitaji, unapiga mashono 96 na mstari wa kwanza umeshaisha papo hapo. Hilo wengi hawalijui, wanapiga 96 halafu wanaanza tena "mstari wa kwanza" juu yake, kitambaa kinazidi mstari mmoja. Ukimaliza shono la 96, piga cheni moja, geuza, na huo ni mstari wa pili, fuma kama kawaida.

Angalia pembeni pale ulipoanzia. Kuna ile cheni ya pili uliyoiruka mwanzoni, imesimama kama shono dogo. Siyo shono, usifume juu yake. Ukifuma juu yake mstari wa pili utakuwa na 97, na pembe itatokeza. Weka pini ya nguo au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye kichwa cha shono la kwanza kabisa, ili ukirudi ujue mstari unaishia hapo.

Akafuma upya kimoja kwa njia hii. Alipofika mistari mitano tukapima: chini 60, juu 60. Pale kwenye mstari wa tano ndipo pa kupimia, sio mwisho wa kitambaa. Ukipima mapema na ukakuta tofauti, unafumua kazi ya nusu saa. Ukisubiri mwisho unafumua kazi ya siku nne. Na kama huna futi kamba, kunja kitambaa ukingo wa chini uguse ukingo wa juu. Pembe za chini zikiingia ndani, kimebana.

Kwa kochi la watu watatu faida yake ni kubwa zaidi. Chukua upana wa sentimita 150 kwa uzi uleule: ni mashono 240. Ukianza na cheni unatakiwa uhesabu 241 za uzi mtupu, mtoto analia, mteja anaulizia vifungo, umepoteza hesabu. Ukikosea hujui mpaka ufike mwisho wa mstari ukute cheni hazitoshi. Kwa njia hii unaweza kulaza utepe kwenye kochi lenyewe na kuona unafika wapi. Ukipungua unaongeza mashono palepale mwishoni. Mimi nawashauri waweke uzi wa alama kila baada ya mashono 20, halafu mwishoni wanahesabu alama tu, kumi na mbili.

Kuhusu mashono marefu. Vitambaa vingi vya hapa kwetu vinafumwa kwa mashono marefu, sio mafupi. Bado unaweza kuanza kwa njia hii. Tuseme karatasi inasema piga cheni 99, anza shono refu kwenye cheni ya nne. Zile cheni tatu ulizoziruka zinahesabiwa kama shono refu moja, na kwenye cheni 96 zilizobaki unapata mengine 96, jumla 97. Kwa hiyo wewe anza na mashono mafupi 97 kwa njia hii, kisha piga cheni tatu, geuza, ruka shono la kwanza, endelea na mashono marefu kwenye 96 yaliyobaki. Chini kutakuwa na utepe mwembamba wa mashono mafupi. Kwenye vitambaa sita vya seti moja utepe huo uwe kwenye vyote, usianze vitatu kwa cheni na vitatu kwa njia hii, mteja ataona.

Sasa kwenye nguo za watoto. Hapa Songea mwezi wa sita na wa saba baridi inauma, na kofia na sweta za watoto wachanga ndio msimu wake. Sweta nyingi zinaanzwa shingoni kushuka chini. Ukianza shingo na cheni iliyobana, shingo haitanuki, na kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa kuliko shingo yake. Mama analazimisha, mtoto analia, sweta haivaliwi tena na mama huyo hakurudii. Ukingo wa njia hii unavutika na kurudi, ndio maana kwa shingo na mdomo wa kofia naona ni lazima, sio hiari. Kipimo chake ni rahisi: shika ukingo kwa mikono miwili uuvute. Ukivutika sawasawa na mstari wa tano, uko salama. Ukigoma kama kamba wakati mistari ya juu inavutika, fumua.

Kwa kofia unaunganisha ncha mbili za utepe ziwe duara. Kabla ya kuunganisha, laza utepe mezani, V za chini zote ziangalie chini. Utepe huu ni mpana kuliko cheni tupu, kwa hiyo ukijipinda utauona mapema. Unganisha juu kwa kuvuta uzi kupitia kichwa cha shono la kwanza. Chini pataachana kidogo, pana uwazi mdogo. Ule mkia wa sentimita 15 niliokuambia usiukate ndio kazi yake: upitishe kwenye sindano ya kushonea, ushone ule uwazi mara mbili, ufiche mkia ndani ya mashono.

Njia hiihii inatumika kuongeza mikono ya sweta pembeni. Umefika kwapani, unataka mashono 25 ya mkono yatokeze pembeni mwa kazi. Wengi wanapiga cheni 25 zinaning'inia, na ukingo wa mkono unabana kuliko kifua. Wewe ingiza sindano chini ya shono la mwisho la mstari wako, kwenye mguu wake, vuta uzi, piga cheni ya kitanzi kimoja, maliza shono, kisha endelea kwenye V ya chini kama mwanzo.

Mahali ambapo njia hii haina kazi: vitambaa vya duara vinavyoanzia katikati, vile vya meza ndogo na vya chini ya vyombo. Vile vinaanza na kiduara cha cheni chache na havina ukingo wa kuanzia. Na zile kazi za wavu mtupu ambazo mteja anataka pembe zote nne ziwe nyepesi na wazi, huu utepe utaonekana mzito upande mmoja. Hapo baki na cheni, tumia sindano kubwa zaidi kwa cheni, au zungushia utepe wa mashono mafupi pande zote nne zifanane.

Kama kuna anayekwama kwenye ile V ya chini, piga picha kazi yako kwa karibu ikiwa imelala mezani, sio mkononi, uweke hapo chini. Kwenye picha ya mkononi uzi unakuwa umevutwa na haionekani cheni ipi ni ipi.